Katalogi ya mtandaoni kwa mkulima wa Mbeya anayeuzia wateja wa Dar: ipi uanze nayo?

Natuma mazao kutoka Uyole kwenda Dar es Salaam kwa wateja wa majumbani: mchele wa Kyela, viazi vya Isyonje, maparachichi ya Rungwe na maharage. Nimejaribu njia nne za kuonyesha bidhaa na kupokea oda. Nazipanga hapa kuanzia ile ambayo ningekuambia uanze nayo wiki hii, hadi ile ambayo ningekushauri uache kwanza.

Kipimo changu ni kimoja. Siku ya kuvuna inapofika, je, njia hiyo inanionyesha ni kilo ngapi zimeshalipiwa? Picha nzuri kila mtu anaweza kupiga. Ukivuna zaidi ya oda, maparachichi yanaivia mikononi mwako. Ukivuna pungufu, unaanza kumwomba radhi mtu aliyelipa juzi.

1. WhatsApp Business pamoja na daftari

Hii ndiyo namba moja, na kwa oda chini ya thelathini kwa wiki sioni sababu ya kutafuta kingine. Programu ni ya bure. Gharama yako ni laini ya pili ya simu, kwa sababu namba moja haiwezi kutumika kwenye WhatsApp ya kawaida na ya biashara kwa wakati mmoja. Usichanganye namba ya biashara na ile ya familia. Oda zitapotea katikati ya salamu na michango ya harusi.

Kwenye katalogi, kila bidhaa inapata picha, bei na maelezo. Kosa nililofanya mwanzoni ni kuandika "mchele kilo 1". Mteja anayetaka kilo ishirini anabonyeza mara ishirini, anachoka, anakupigia simu, na oda inabaki kichwani mwako badala ya kwenye maandishi. Weka bidhaa kwa vifurushi: "Mchele wa Kyela, mfuko wa kilo 5", "Viazi, kilo 10", "Maparachichi, kilo 3". Uza kwa kilo, si kwa sado wala debe. Mtu wa Dar hajui sado lako limejazwaje, na ndipo ugomvi unapoanzia. Mizani nayo iwe iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Zile ndogo za kuning'iniza zinafaa kukadiria nyumbani, si kuuzia.

Kasoro yake kubwa uijue mapema: katalogi haihesabu mzigo uliobaki. Mteja anajaza kapu, anakutumia, nawe unapata ujumbe wenye vitu na jumla ya bei, basi. Hata kama mchele umekwisha tangu asubuhi, kapu litakuja tu. Kwa hiyo kapu ni ombi. Linakuwa oda pale unapojibu, "Mzigo upo, jumla ni kiasi hiki," naye akalipa. Bidhaa ikiisha, ifiche kwenye katalogi saa hiyohiyo, usisubiri jioni.

Wiki yangu inakwenda hivi. Jumapili jioni nabadilisha bei na picha, kisha natuma tangazo. (Tangazo linamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Nilikaa majuma kadhaa nikidhani watu wamenichoka, kumbe ujumbe haukuwafika. Sasa mteja mpya namwomba ahifadhi namba kabla ya kitu kingine chochote.) Oda zinafungwa Jumanne saa kumi na mbili jioni. Malipo mwisho Jumatano saa sita mchana. Alasiri tunavuna na kupima, na Alhamisi alfajiri mzigo unapanda basi kwenda Stendi ya Magufuli, Mbezi.

Chukua oda moja, kwa bei za mfano. Mama mmoja wa Kimara anaagiza mifuko miwili ya mchele kwa 16,000 kila mmoja, viazi kilo 10 kwa 12,000, na maparachichi kilo 3 kwa 7,500. Bidhaa ni 51,500. Naongeza 6,000 ya basi na 1,500 ya boksi na kamba, jumla 59,000. Bodaboda kutoka stendi hadi kwake analipa mwenyewe, na hilo namwandikia kabla hajalipa. Namwekea lebo ya "anasubiri malipo". Akilipa kwenye Lipa Namba, naangalia salio, nabadilisha lebo, ndipo naandika kwenye daftari: mchele 10, viazi 10, parachichi 3. Daftari ninalokwenda nalo shambani lina waliolipa tu.

Nasisitiza salio kwa sababu niliwahi kuamini picha ya ujumbe wa malipo niliyotumiwa. Boksi la kilo 20 lilishafika Mbezi ndipo nikagundua hakuna hela iliyoingia. Ujumbe wa muamala hutengenezwa na kuhaririwa kirahisi. Salio la kwenye simu yako ndilo la kuaminiwa.

Maparachichi yatume yakiwa magumu, na andika tarehe ya kuchuma juu ya boksi. Hass iliyokomaa vizuri huiva ndani ya wiki moja hivi ikikaa sebuleni, na mteja asiyejua hilo atakuambia umemtumia mabichi. Viazi visioshwe, maana vikipanda basi na unyevu vinaoza njiani.

2. Fomu ya Google na jedwali lake

Hamia hapa oda zikizidi thelathini, au ukianza kukusanya mazao ya majirani. Nayo ni ya bure. Mteja anajaza fomu kwa kiungo ulichomtumia WhatsApp, na majibu yanaingia kwenye jedwali yakiwa na saa ya kutumwa. Tuseme una mifuko 60 ya mchele na swali la mchele limeangukia safu ya C. Fungua ukurasa mwingine kwenye jedwali hilohilo uandike:

```
=60-SUM('Form Responses 1'!C:C)
```

Namba inayotokea ni mifuko iliyobaki. Ila lazima swali hilo ulifunge lipokee tarakimu tu. Mteja akiandika "miwili", jedwali linaliona kama neno, linaliruka, na wewe unaamini una mzigo ambao haupo. Ukiona salio halipungui wakati fomu zinaingia, anza kutazama hapo.

Sijaiweka ya kwanza kwa sababu wateja wengi wakubwa kwa umri hawaipendi fomu. Wanataka kuuliza, "Mwanangu, viazi vya leo vina unga?" na kujibiwa.

3. Ukurasa wa Instagram au Facebook

Tumia kama dirisha la duka. Oda zikija kwenye maoni na ujumbe wa faragha kwa pamoja, hutajua nani alitangulia. Weka video ya viazi vikichimbwa, kisha kiungo kinachompeleka mtu WhatsApp. Usipokee oda hata moja huko.

4. Tovuti yako mwenyewe

Hii peke yake katika zote nne inaweza kupunguza mzigo yenyewe kila oda inapolipwa, na ndiyo maana inavutia. Lakini unalipia jina la tovuti na hifadhi yake kila mwaka, mtengenezaji, na makato ya mfumo wa kupokea malipo. Na mvua ikiharibu barabara ya Isyonje, mtu bado atalazimika kuingia na kubadilisha kiasi kwa mkono. Ukifika mahali ambapo umeajiri mtu wa kushinda kwenye oda, na unauza vitu visivyoharibika upesi kama mchele na maharage kwa mwaka mzima, ifikirie. Kabla ya hapo, fedha hiyo nunulia mizani na maboksi.