Nakinga damu ya kisusio bila shida, yangu ndiyo huniangusha: uzoefu wangu wa kupima damu Moshi

Kila Desemba tukipanda kijijini Marangu, kazi ya kuchinja ni yangu. Namshika mbuzi, nachinja, nakinga damu ya kisusio kwenye sufuria na wala sitetemeki. Lakini nionyeshe sindano inayoelekea kwenye mkono wangu mwenyewe, ndani ya dakika mbili niko sakafuni. Marehemu mzee wangu alikuwa hivyo hivyo. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba jambo hili hutembea sana kwenye familia, na nilipolisikia hilo nilipungukiwa aibu kidogo.

Mwaka jana nilizimia kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Nilikalishwa kwenye stuli isiyo na mgongo, nikaambiwa, "Legeza mwili, vuta pumzi ndefu, wewe mwanaume bwana." Nikalegeza kama nilivyoagizwa. Kilichofuata nakumbuka vigae tu na uvimbe juu ya jicho. Tangu hapo kipimo cha sukari na mafuta ya damu nilichoandikiwa nikakikwepa miezi saba, mpaka mama watoto akanitafutia maabara binafsi ndogo hapa Moshi mjini, si mbali na soko la Mbuyuni. Ndiyo ninayoizungumzia leo.

Tulienda kwanza Jumatatu kuulizia bei tu. Nikamweleza yule dada wa maabara ukweli wote, nikitegemea acheke. Hakucheka. Aliniuliza swali moja: "Ukiona sindano, unaogopa tu au unazimia kabisa?" Nikasema nazimia. Akasema basi hao ni watu wa aina mbili, na dawa zao ni tofauti.

Mtu anayeogopa tu, presha na mapigo ya moyo hupanda, kwa hiyo kumwambia apumue taratibu na alegee kunamsaidia. Sisi tunaozimia, presha hupanda kidogo mwanzoni, halafu ghafla inaporomoka. Moyo unapunguza mwendo, mishipa inatanuka, damu inakimbilia miguuni na ubongo unabaki na damu kidogo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia alegee, unamsukuma huko huko anakoelekea. Hapo nilielewa ile stuli na yale maneno ya "legeza mwili".

Akasema, "Wewe baba unatakiwa ujikaze. Siyo ujikaze kiume, ukaze nyama zenyewe." Nilicheka, maana maisha yangu yote nimeambiwa nijikaze na hakuna aliyewahi kunionyesha nikaze nini.

Mbinu yenyewe si yake. Ilitengenezwa na mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, miaka ya 1980, kwa ajili ya watu wa aina yangu hasa. Unakaa, unakaza mapaja, makalio, tumbo na mikono kwa pamoja, sekunde 10 hadi 15, mpaka uhisi uso unapata joto. Joto hilo ndiyo dalili kwamba presha imepanda. Kisha unaachia sekunde 20 hadi 30, lakini huachii mpaka ulegee kama mlenda, unarudi tu hali ya kawaida. Unarudia mara tano. Pumzi usiibane, hilo yule dada alilisisitiza, maana kuibana kwenyewe kunaweza kukuletea kizunguzungu. Aliniuliza pia kama nina presha ya kupanda au tatizo la moyo. Akasema mwenye hayo, au mjamzito, aongee na daktari wake kwanza.

Nikafanya mazoezi nyumbani siku nne, asubuhi na jioni, kwenye kochi. Watoto walidhani nina choo kigumu.

Ijumaa nilifika saa moja na nusu. Nilikuwa sijala tangu jana yake saa mbili usiku, kwa sababu ya kipimo cha mafuta, ila maji alikuwa ameniruhusu. Nilikunywa chupa ya nusu lita kama dakika ishirini kabla. Maji hupunguza uwezekano wa kuzimia na hufanya mshipa uonekane vizuri. Mara ya kwanza, kule kwingine, nilikuwa nimekaa na kiu usiku kucha nikidhani ndiyo maana ya kufunga.

Alinilaza. Kitanda kifupi, miguu ilining'inia, lakini mtu aliyelala si rahisi damu imkimbie kichwani, na hata akizimia haangukii popote. Vichupa vilikuwa viwili tu, chenye kifuniko cha kijivu cha sukari na chekundu cha mafuta, akavificha nyuma ya boksi la glovu. Jumla, alisema, haifiki vijiko viwili vya chai, na mwilini mtu mzima ana damu kama lita tano. Alitumia sindano ya kipepeo, ile nyembamba yenye mrija na vibawa viwili vya kushikia.

Mkono wa kushoto aliutaka ulegee kabisa, maana mkono uliokazwa ni vigumu kuuchoma. Vilivyobaki vyote nikaze. Hili ni gumu kuliko linavyosikika! Mazoezi mawili ya mwisho nyumbani nilikuwa nimeyafanya hivyo, mkono mmoja umekufa na mwili mzima umekakamaa, na bila hayo nisingeweza.

Akafunga ule mpira juu ya kiwiko, akapaka spiriti. Harufu ile ndiyo huanza kunimaliza. Nikaangalia ukutani, kulikuwa na kalenda ya duka la pembejeo yenye picha ya trekta. Nikahisi jasho la baridi mgongoni, sauti ya feni ikaanza kwenda mbali, nikapiga miayo. "Baba, umepiga miayo, kaza miguu sasa hivi." Kumbe miayo ni dalili, yeye aliiona kabla mimi sijajua. Nikakaza mpaka trekta likarudi rangi zake. Sindano niliihisi kama siafu, na nilipofika mzunguko wa tatu wa kukaza akasema tayari.

Aliniambia nibonyeze pamba dakika tano bila kukunja kiwiko, kwa kuwa ukikikunja ndipo unapovilia damu. Akanizuia pia kuamka mapema. Wengine huzimia sindano ikiwa imeshatoka, wakiwa njiani kuelekea mapokezi. Nililala dakika kumi na tano, nikakaa kidogo, ndipo nikasimama. Nje mama watoto alikuwa ananisubiri na chapati na soda.

Nawapa nyota nne. Nyota moja naikata kwa sababu mapokezi yanatazamana na chumba cha kuchukulia damu na pazia halifungi vizuri, kwa hiyo ukisubiri unaona watu wakichomwa. Kwa mtu wa hali yangu hiyo ni adhabu, omba usubirie nje. Pia majibu waliahidi saa nane yakaja saa kumi na moja jioni, baada ya kuwapigia mara mbili. Sukari ilikuwa 5.3, haina neno. Mafuta daktari anataka yarudiwe baada ya miezi mitatu, na nimeshaomba niwe wa kwanza asubuhi kabla foleni haijajaa.

Plasta niliibandua mwenyewe usiku, bafuni. Nilikaza mapaja kwanza.