Sato wawili wa Mtera, picha mbili

Muuzaji wa soko la Majengo alinitumia picha mbili za sato wa bwawa la Mtera, nichague aliye mbichi zaidi. Wa kwanza jicho limetuna, mboni nyeusi, linang'aa, ila kifuniko cha shavu kimefungwa. Wa pili jicho lina ukungu kidogo, lakini shavu limeinuliwa: matamvua mekundu, nyuzi zake zimeachana, hakuna ute wa kahawia.

Nilimchukua wa pili. Barafu ikigusa jicho hulitia ukungu hata kwa samaki mzuri, na flashi ya simu hung'arisha jicho lililochoka. Jicho lililodidimia ni habari nyingine, huyo mwache. Matamvua nayo hubadilika rangi chini ya taa ya njano, kwa hiyo kwanza niliomba picha ya mchana, karatasi nyeupe pembeni. Nyama? Pichani naona tu kwamba matumbo yote mawili hayajapasuka. Ulaini utaujua kwa kidole tu.