Uzoefu wangu na SymPy kwenye pointi za tandiko, baada ya semista nzima

Nimeitumia SymPy semista nzima kwenye kalkulasi ya variabo mbili, hasa ile topiki ya kutafuta minimamu na maksimamu kwa matriksi ya derivativu za pili, na nataka niseme imenifaa wapi na inaishia wapi. Kwa asiyeijua, ni laibrari ya Python, ya bure, unaandika `pip install sympy` mara moja tu halafu hata bando likiisha inaendelea kufanya kazi. Inakokotoa kwa alama kama unavyofanya kwenye daftari, yani ukiiambia itafute derivativu ya x² inakurudishia 2*x, sio desimali.

Nilianza kuitumia baada ya kukosa swali moja la kwizi ambalo nilikuwa na uhakika nalo kabisa. Fanksheni ilikuwa x² + 3xy + y², tukaambiwa pointi (0,0) ni ya aina gani. Nikatafuta fxx nikapata 2, fyy nikapata 2, zote chanya, nikaandika minimamu nikahamia swali la pili. Mantiki yangu ilikuwa kwamba nikisimama hapo nikienda mashariki napanda, nikienda kaskazini napanda, basi niko chini ya bonde. Karatasi ikarudi na mkasi mwekundu na neno moja, tandiko. Usiku ule ule nikaandika hivi:

```python
from sympy import *
x, y = symbols('x y', real=True)
f = x**2 + 3*x*y + y**2
H = hessian(f, (x, y))
print(H, H.det(), H.eigenvals())
```

Ikanipa matriksi yenye 2 na 3 juu, 3 na 2 chini, ditaminanti -5, na aigenvalyu mbili, 5 na -1. Hiyo -1 ndo iliyonifungua macho, maana inasema kuna njia ya kutelemka pale pale nilipodhani ni bonde. Nikajaribu kwa namba za kawaida. Ukisogea hadi (0.1, 0) thamani inakuwa 0.01, umepanda. Ukienda (0, 0.1) ni 0.01 tena, umepanda. Ukienda hanamu, (0.1, 0.1), ni 0.05, umepanda zaidi. Lakini ukienda hanamu ile nyingine, (0.1, -0.1), unapata 0.01 - 0.03 + 0.01 ambayo ni -0.01, umeshuka! Mimi nilikuwa naangalia njia mbili tu, ya x na ya y, kumbe kilichoamua ni ile 3xy ya katikati ambayo fxx na fyy haziioni kabisa.

Ndo maana kanuni inatumia D = fxx·fyy - fxy² na sio fxx peke yake. Ditaminanti ni zao la aigenvalyu mbili, 5 mara -1 ni -5, kwa hiyo D ikiwa hasi maana yake moja ni chanya nyingine ni hasi, kuna njia ya kupanda na njia ya kushuka, hilo ni tandiko kama la punda, mbele na nyuma limeinuka ila ubavuni linateremka. D ikiwa chanya aigenvalyu zina alama moja, na hapo fxx na fyy lazima nazo ziwe na alama moja, maana zao lao limezidi fxy² ambayo haiwezi kuwa hasi, ndo sababu unaruhusiwa kuangalia fxx tu, chanya ni minimamu, hasi ni maksimamu. Nilikuwa nimekariri hizi sheria bila kujua kwa nini ya fxx inakuja baada ya ya D, ukibadilisha mpangilio unaingia kwenye shimo nililoingia mimi.

Sasa swali kamili, maana kwenye mtihani hupewi pointi mkononi. Chukua x³ + y³ - 3xy. Kwanza unatafuta wapi mteremko ni sifuri kwa x na kwa y kwa pamoja:

```python
f = x**3 + y**3 - 3*x*y
H = hessian(f, (x, y))
for p in solve([diff(f, x), diff(f, y)], [x, y], dict=True):
    print(p, H.subs(p).det(), H.subs(p)[0, 0])
```

Kwa mkono unapata y = x² na x = y², ukiunganisha x⁴ = x, kwa hiyo pointi ni (0,0) na (1,1). Hapa angalia sana hiyo `real=True` ya mwanzoni, bila kuiweka unaletewa majibu manne, mawili yana I ndani yake, na hayo sio pointi za kwenye uso unaouchora. D yenyewe ni 36xy - 9. Kwenye (0,0) ni -9, tandiko, hata fxx huigusi. Kwenye (1,1) ni 27, fxx ni 6, minimamu, na thamani yake ni -1. Ila msije mkaandika kwamba -1 ndo ndogo kuliko zote, weka x = -10 na y = 0 unapata -1000. Hii testi inaongelea jirani ya pointi tu.

Udhaifu upo. Pointi zikiwa hazina mwisho, `solve` inakupa chache tu, jaribu `solve(cos(x), x)` utaona inaleta pi/2 na 3*pi/2 basi, zilizobaki unaongeza mwenyewe.

Ila pale ambapo nimepoteza muda mwingi ni D ikitoka sifuri, na hilo sio kosa la SymPy, testi yenyewe inanyamaza. x⁴ + y⁴ na x⁴ - y⁴ zote zina D sifuri kwenye (0,0), ya kwanza ni minimamu ya pili ni tandiko. Na mbaya zaidi ni fanksheni ya Peano, yule Mtaliano, (y - x²)(y - 3x²). Kwenye (0,0) D ni sifuri, fyy ni 2, ukipita kwa mstari wowote ule ulionyooka unaona unapanda, unachora mistari kumi yote inapanda, unaandika minimamu kwa amani. Niliandika hivyo. Halafu jamaa ninayekaa naye rumu akaniambia acha mistari, angalia wapi fanksheni yenyewe ni sifuri. Ni kwenye parabola mbili, y = x² na y = 3x², na katikati yao mabano moja ni chanya lingine ni hasi. Nikapita katikati:

```python
f = (y - x**2)*(y - 3*x**2)
print(expand(f.subs(y, 2*x**2)))
```

Ikatoka `-x**4`. Inashuka, kwa hiyo sio minimamu. Amri ilikuwa ya mstari mmoja, lakini ile y = 2x² ilibidi itoke kwetu, SymPy haiwezi kukuchagulia njia ya kupita. Kwa hiyo nyota 4 kati ya 5, na D ikija sifuri sahivi naanza na daftari, nachora wapi ni chanya na wapi ni hasi, ndo nafungua laptopu.