Vitabu vya kazi za mtandaoni: kipi nilinunua, kipi ningeazima tu

Nianze na jibu, maana wengi mnaoniuliza mnunue kitabu gani cha kuanzia kazi za mtandaoni mna hela ya kimoja tu. Kama umemaliza chuo juzi, una laptopu inayowaka na bando la kuungaunga, nunua The Freelancer's Bible cha Sara Horowitz. Vingine nitakavyovitaja azima kwa mtu, soma sura mbili tatu, mrudishie.

Kitabu hiki kilitoka mwaka 2012. Mwandishi ndiye mwanzilishi wa Freelancers Union, chama cha wafanyakazi wa kujitegemea chenye makao yake New York, na unasikia kabisa kwamba ni mtu aliyesikiliza malalamiko mengi ya watu walioliwa jasho lao. Hana hadithi za kufanyia kazi ufukweni. Anazungumzia bei, makubaliano ya maandishi, mteja anayebadilika badilika na namna ya kudai deni bila kutukanana. Ni kinene, na lugha yake ni ya Kimarekani hasa, lakini kinasomeka.

Kilichonisaidia zaidi ni suala la bei. Kinasisitiza jambo ambalo chuoni hakuna aliyetuambia: saa unazofanya kazi na saa unazolipwa si kitu kimoja. Unapotafuta kazi, unapojibu ujumbe wa mteja, unapopanga mafaili na kufuatilia malipo, hakuna anayekulipa moja kwa moja. Zile saa lazima zijifiche ndani ya bei ya kazi, vinginevyo unazitoa sadaka.

Nilichukua wazo hilo nikalipigia hesabu kwenye kazi yangu, ambayo ni kunukuu mahojiano ya Kiswahili, yaani kusikiliza sauti na kuyaandika maneno yote. Chukua oda ya dola 30 kwa sauti ya saa 1. Kwa mgeni inaonekana nzuri: saa moja, dola thelathini! Lakini sauti safi ya saa 1 humchukua mwandishi mzoefu kama saa 4 kuinukuu. Wakiwa watu watatu wanaodakizana, na bodaboda inapita nyuma yao, hesabu saa 6. Ongeza saa 1 ya kurudia kusikiliza na kusahihisha majina ya watu na vijiji, na saa 1 ya ujumbe huku na huko na mteja. Tayari ni saa 8. Sasa jukwaa la kuuzia kazi mtandaoni kama Fiverr linakata asilimia 20, kwa hiyo dola 30 zinabaki 24. Gawanya kwa 8, unapata dola 3 kwa saa. Na kama uliipata oda hiyo baada ya saa 4 za kuhangaika kutafuta, ni dola 2 kwa saa, kabla hujanunua umeme wa LUKU wala bando.

Sasa igeuze. Unataka dola 5 kwa kila saa, na kazi yote pamoja na kuitafuta ni saa 12. Unahitaji dola 60 mkononi. Hapa ndipo nimeona wenzangu wengi wakijikwaa: wanachukua 60, wanaongeza asilimia 20, wanaandika 72. Jukwaa likikata asilimia 20 ya 72, inabaki 57 na senti 60. Njia sahihi ni kugawanya 60 kwa 0.8, unapata 75. Tofauti kwa oda moja ni ndogo, lakini kwa mwaka mzima ni bando lako lote.

Je, mteja atakubali dola 75 badala ya 30? Wengine hapana, wanaondoka kimya kimya. Ndiyo maana siku hizi sitaji bei ya "saa moja ya sauti". Nataja bei kwa dakika ya sauti, na naomba kwanza dakika mbili za katikati ya rekodi. Za mwanzo hazifai, kwa sababu pale kila mtu bado anaongea kwa adabu. Nikisikia kelele au watu wengi, bei ya dakika inapanda, na mteja anaelewa kwa nini kwa sababu na yeye amesikia.

Jambo la pili kitabuni ni makubaliano. Horowitz anataka kila kitu kiandikwe, na mimi mwanzoni niliona ni mambo ya mawakili. Kumbe ujumbe wa mistari mitano unatosha. Wangu una vitu hivi tu: dakika ngapi za sauti, faili litakuwa la aina gani, nitalikabidhi siku gani na saa ngapi kwa saa za Afrika Mashariki, masahihisho ni mara ngapi, na kinachohesabika kuwa kazi mpya. Hicho cha mwisho kiliniokoa kwa mteja mmoja wa moja kwa moja, aliyekuja na mahojiano ya Kiswahili ya kunukuu. Nilipokabidhi akasema, "Nzuri sana, sasa tuwekee na Kiingereza pembeni." Alisema kama vile anaomba chumvi mezani. Nilimrudishia ujumbe wetu wa awali, mstari wa tano, pamoja na bei ya tafsiri. Alinyamaza siku nzima, kisha akalipa.

Ila uangalie tofauti moja ambayo kitabu hakikufafanulii, kwa kuwa dunia yake zaidi ni ya wateja unaowatafuta mwenyewe. Ushauri wa kudai malipo ya awali unafaa kwa mteja uliyempata mwenyewe. Kwenye Fiverr mteja analipa kabla, na jukwaa ndilo linaloshika hela. Wewe unasubiri. Ukishakabidhi, mteja ana siku 3 za kukagua, asipojibu oda inajifunga yenyewe. Baada ya hapo, kwa muuzaji wa kawaida, hela inakaa siku 14 kabla hujaruhusiwa kuitoa. Kwa hiyo kazi uliyokabidhi tarehe 1 inaweza kukupa hela tarehe 18, na benki nayo ina mwendo wake. Kama kodi ya chumba ni tarehe 5, usiipangie hela hiyo. Na usimwambie mteja wa humo mlipane pembeni ili kukwepa makato, kwani akaunti hufungwa kwa hilo.

Sehemu za kuruka? Bima ya afya na kodi. Zote ni za Marekani na hazikuhusu. Karatasi utakayokutana nayo wewe inaitwa W-8BEN, na majukwaa ya Kimarekani kama Upwork hukutaka uijaze kabla ya kutoa hela. Kazi yake ni kutamka kwamba wewe si mkazi wa Marekani kwa ajili ya kodi yao. Unaweka jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nchi, anwani, unasaini kwa kuandika jina. Rafiki yangu aliiogopa kwa wiki nzima akidhani anasajiliwa kuwa mlipakodi wa Washington. Kodi ya nyumbani ni habari nyingine, hiyo kaulize ofisi ya TRA au KRA, kitabu hakitakujibu.

Kitabu cha pili ambacho kila mtu atakupendekezea ni The 4-Hour Workweek cha Tim Ferriss, cha mwaka 2007. Wengi wanakisoma wakijiona wao ndio Ferriss. Nakushauri ukisome kinyume. Ndani yake kuna sura ya kukabidhi kazi kwa wasaidizi wa mbali, hasa walioko India, ili bosi apate muda wake. Rafiki yangu, kwenye kitabu hicho wewe ni yule msaidizi! Ukikubali hilo, sura hiyo inakuwa dhahabu, maana unaingia kichwani mwa mteja. Ferriss anawafundisha mabosi watoe maelekezo yasiyo na utata, watoe muda mfupi, na waombe ripoti baada ya saa chache za mwanzo ili wajue kama kazi imeeleweka. Basi mimi siombwi. Nikinukuu dakika tano za kwanza naituma sampuli na swali moja: je, niandike "eee" na "aah" zote au nizisafishe? Mteja anayetaka zote na mteja anayetaka zisafishwe ni wateja wawili tofauti, na kugundua hilo mwishoni ni kurudia kazi nzima. Sura nyingine za kuuza bidhaa na kuzunguka dunia zina mtaji ndani yake ambao mtu aliyetoka chuo jana hana.

Kisha kuna Remote cha Jason Fried na David Heinemeier Hansson, cha mwaka 2013, waliokuwa wakiendesha kampuni ya programu ya 37signals ya Chicago. Kinaongea na mabosi zaidi kuliko wafanyakazi, ni kifupi, unakimaliza Jumamosi moja. Kisome kama unalenga ajira ya mbali yenye mshahara. Wanasema timu yao iliona inahitaji kama saa 4 za kuwa kazini kwa pamoja, hata watu wakiwa nchi tofauti. Kaa na sentensi hiyo uipige hesabu. Saa 3 asubuhi ya Chicago wakati wa baridi yao ni saa 12 jioni kwetu. Saa nne za pamoja zinakufikisha saa 4 usiku. Wakati wao wa joto wanasogeza saa mbele, sisi hatusogezi, kwa hiyo unaanza saa 11 jioni. London ni rahisi zaidi: wakati wa baridi wanaanza kazi saa 6 mchana kwetu, na kufika saa 11 jioni mmeshakuwa pamoja saa tano. Ukituma maombi, andika saa zako kwa saa za mteja. Kumpa kazi ya kubadilisha saa mwenyewe ni kumpa sababu ya kufungua maombi ya mwingine.

Hao hao wanasisitiza kwamba anayefanya kazi mbali lazima ajue kuandika vizuri, kwa sababu maandishi ndiyo yanayomwakilisha. Sina la kuongeza hapo.

Mwisho, zile PDF za Kiswahili zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp, "Tengeneza Dola Ukiwa Nyumbani" na ndugu zake. Nimenunua moja na kupewa nyingine. Nusu ya kurasa zilikuwa picha za skrini za namna ya kufungua akaunti, jambo ambalo tovuti zenyewe zinakuonyesha bure, na viungo vilikuwa vya rufaa, kwa hiyo ukijisajili mwandishi anapata kamisheni. Kabla ya kutuma hela omba ukurasa wa yaliyomo, na umuulize muuzaji maswali mawili: je, kuna mahali pameandikwa jukwaa linakata asilimia ngapi, na kuna mfano hata mmoja wa ujumbe halisi kwa mteja? Wangu alinijibu kwa kunitumia emoji ya moto na namba ya kulipia.