Matairi ya Hiace: soma ubavu kabla ya kutoa pesa

Matairi mawili ya nyuma niliyoyanunua mwaka huu kwa ajili ya Hiace yangu ya kubebea mchele niliyachagua kwa picha niliyotumiwa kwenye simu. Katika picha hiyo niliona 195/80R15, ukubwa ule ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, nikaridhika nikatuma fedha. Kilichofuata baada ya ukubwa huo sikukisoma, na ndicho kilichonigharimu.

Katika 195/80R15, tarakimu 195 ni upana wa tairi kwa milimita, 80 ni urefu wa ubavu ukiwa asilimia ya upana huo, R ni muundo wa radial, na 15 ni inchi za rimu. Maandishi haya yanaeleza kama tairi litaingia kwenye gari, lakini hayaelezi litabeba nini. Uzito umo katika tarakimu zinazofuata: kwa Hiace ya aina yangu huandikwa 107/105N, wakati matairi niliyouziwa yaliandikwa 96S, ambayo ni ya gari dogo la milima kama Suzuki Jimny Sierra. Herufi ya mwisho ni ya mwendo, na wengi hudanganyika hapo, kwa sababu S huruhusu kilomita 180 kwa saa na N huishia 140, hivyo tairi dhaifu huonekana kuwa bora.

Tarakimu 96 maana yake ni kilo 710 kwa tairi moja, na 107 ni kilo 975. (Ile 105, yaani kilo 925, ni kwa matairi yaliyofungwa mawili mawili upande mmoja, kwa hiyo Hiace ya kawaida haihusiki nayo.) Nilipoyapandisha magurudumu ya nyuma peke yake kwenye mizani ya ghala, gari likiwa na mzigo wangu wa kila wiki, nilipata kilo 1,560. Matairi mawili ya 96 yana ruhusa ya kilo 1,420 tu, maana yake nilikuwa nimezidisha kilo 140 bila kujua, ilhali matairi ya 107 yangebeba hadi 1,950. Tairi lililozidiwa hukunjika ubavuni kila linapozunguka, mkunjo huzaa joto, na joto hudhoofisha nyuzi na mpira wa ndani. Nilipofika karibu na Chalinze usukani ulianza kutetemeka. Niliposhuka nilikuta nundu yenye ukubwa wa nusu limau ubavuni mwa tairi la kushoto. Nundu ya namna hiyo ni nyuzi zilizokatika, na hakuna kiraka kinachoiponya.

Kwa hiyo muuzaji akikutumia picha, mwombe picha ya pande zote mbili, iliyopigwa kwa karibu, ubavu ukiwa umefutwa kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa dawa ya kung'arisha huficha nyufa. Tazama pia tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na DOT, ambazo mara nyingi huwa upande mmoja tu: 1116 ni wiki ya 11 ya mwaka 2016. Watengenezaji kadhaa, Michelin mmoja wao, hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi na liondolewe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kashata bado ipo. Tairi lenye nundu, au lenye ufa unaoonyesha nyuzi, liondolewe siku hiyo hiyo. Nyufa nyembamba kama nywele zinaweza kusubiri ukaguzi wa fundi, lakini kashata iliyolingana na vijivimbe vya TWI ndani ya mifereji, yaani iliyobaki milimita 1.6, haina cha kusubiri.

Kwa upande wangu, chaguo la kwanza ni Bridgestone Duravis, na sifichi kwamba naipendelea, kwa sababu ni familia ya matairi iliyotengenezwa kwa magari ya mizigo tangu mwanzo. Yokohama Job na Michelin Agilis naziweka za pili, bila ugomvi na anayezitanguliza. Matairi mapya ya bei nafuu, kama Westlake au Linglong, nayakubali yakiwa na 107 ubavuni. Mtumba nauweka mwisho kabisa, na tairi la 96 silihesabu hata likiwa jipya la jina kubwa.

Linaloniudhi hadi leo ni bei, kwani nilitozwa bei ya tairi la mzigo kwa tairi la gari dogo. Nilipomrudia muuzaji alinijibu, "Dada, saizi si ni ile ile?" Nilimwonyesha 96 kwa kidole, akasema hizo ni namba za kiwandani. Fedha hakurudisha. Siku hizi picha isiyoonyesha tarakimu za uzito naijibu kwa swali moja tu, na wauzaji wawili kati ya watatu wa mwisho niliowauliza hawakunijibu tena.