Kuhifadhi bei za mnada kwa PDF: kipi ulipie, kipi uache

Msimu uliopita mzee mmoja alikuja kwenye ofisi ya AMCOS yetu, huku Tandahimba, na karatasi yake ya malipo. Alitaka kuona bei ya mnada wa korosho wa wiki tatu nyuma. Nikafungua mtandaoni ukurasa ule ule wa bei niliouzoea, nikakuta mnada wa juzi tu. Wa nyuma umeshafutwa. Ndipo nikaanza kutafuta namna ya kuuhifadhi kila jioni bila kuukumbuka.

Namba moja kwangu ni Chrome, ambayo unayo tayari na hailipiwi. Watu wengi hawajui kwamba inaweza kutoa PDF bila hata kufungua dirisha. Kwenye Windows, andika mstari huu ndani ya faili la `mnada.bat`:

```
"C:\Program Files\Google\Chrome\Application\chrome.exe" --headless --virtual-time-budget=10000 --print-to-pdf="C:\mnada\%date:/=-%.pdf" "https://ANWANI-YA-UKURASA"
```

Tengeneza kwanza folda ya `C:\mnada`. Sehemu ya `%date%` inalipa faili jina la tarehe. Ukiiacha, PDF ya leo itafuta ya jana. Ile 10000 inaupa ukurasa nafasi ya kupakia, kwa sababu majedwali mengi ya bei huja baada ya ukurasa wenyewe. Bila hiyo nilipata vichwa vya jedwali vitupu. Chrome pia huchapa tarehe na anwani pembezoni mwa karatasi. Usiviondoe, maana ndivyo vinavyoonyesha ulichukua wapi na lini.

Kisha ipangie saa kwenye Task Scheduler. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo weka alama kwenye "Run task as soon as possible after a scheduled start is missed", la sivyo laptopu ikiwa imezima saa hiyo siku imepotea.

Namba mbili ni Firefox kwa mkono: bofya kulia, "Take Screenshot", halafu "Save full page". Hii ni kwa kurasa za kuingia kwa nywila, kwani Chrome ile isiyofungua dirisha haikujui na itakuhifadhia ukurasa wa kuomba nywila. Ubaya wake ni kwamba picha huwezi kutafuta neno ndani yake. Tena shuka mpaka chini kwanza, maana kuna kurasa ambazo picha zake hazipakii mpaka uzifikie.

Huduma za kulipia kwa mwezi nimeziweka mwisho. Zinapiga picha kwenye seva zao, hivyo bando lako na umeme wako havihusiki. Kwa mwenye kurasa mia, alipe tu. Kwa ukurasa mmoja wa mnada ni hela ya bure, na nywila ya ofisi mimi siwapi.

Chochote utakachochagua, fungua faili la kwanza utazame mstari wa mwisho wa jedwali. Jedwali lenye kisanduku chake cha kusogeza hukatwa katikati, na faili litaonekana zima kabisa.