Viini nane vya nini? Chipu ninazozipanga, kuanzia ya kununua hadi ya kukimbia

"Dada, simu hii ina viini nane, na ile ya bei kubwa ina nane vilevile. Pale unalipia jina tu." Muuzaji alisema, nami nikaamini, nikatoa hela. Wiki haikuisha nikawa nagusa kibodi, herufi zinakuja baadaye. Nilipoweka CPU-Z, programu inayoonyesha chipu iliyo ndani ya simu, na kufungua ukurasa wa SOC, nikaona aina moja tu ya kiini, yaani ile sehemu ya prosesa inayotekeleza kazi: Cortex-A53, mara nane. Basi kamera, betri na kioo mtasoma kwingine. Leo nina ugomvi na hiyo nane.

Chipu ya simu si prosesa peke yake. Kwenye kipande hicho kimoja kuna viini, kitengo cha michoro, modemu ya mtandao, kichakata picha za kamera, kitengo cha video, na vidhibiti vya RAM na hifadhi. RAM yenyewe haimo humo, ila chipu ndiyo inayoamua RAM ya aina gani itumike na iende kasi gani. Kwa hiyo "Octa-core" ya kwenye boksi, yaani viini nane, inakuhesabia chumba kimoja cha nyumba nzima, tena bila kukuambia nani anakaa humo.

Tuchukue Helio G37 na Helio G99, zote za MediaTek, zote viini nane. G37 ina Cortex-A53 nane, na zile za kasi zaidi zinafika gigahezi 2.3. G99 ina Cortex-A76 mbili za gigahezi 2.2 na Cortex-A55 ndogo sita. Ukisoma boksi tu, G37 ndiyo yenye mbio. Kumbe A53, iliyotangazwa mwaka 2012, inapokea maagizo yasiyozidi mawili kwa kila pigo la saa ya chipu, mapigo ambayo ndiyo gigahezi inayahesabu, na inayatekeleza kwa mpangilio uleule yalivyokuja. Agizo moja likisubiri data kutoka kwenye RAM, yaliyo nyuma yake yanasimama. A76 ya mwaka 2018 inapokea hadi manne, na moja likikwama inayaruka na kufanya yale yasiyolitegemea. Ndiyo maana A76 ikiwa na gigahezi pungufu bado inaiacha A53 mbali.

Mtu atauliza, si viini vyote nane visaidiane? Haviwezi kila mara. Ukifungua tovuti, sehemu kubwa ya JavaScript yake inapita kwenye foleni moja, kiini kimoja. Vingine saba vinabaki watazamaji. Simu isiyo na hata kiini kikubwa kimoja, kama A76, haina wa kumtuma kazi hiyo, na hiyo ndiyo kasoro ninayoitafuta kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa mpangilio wangu. Nakiri mapema kwamba napendelea Snapdragon, chipu za Qualcomm, na sitaomba radhi. Ya kwanza ni Snapdragon 778G: Cortex-A78 nne na A55 nne, pamoja na kitengo cha michoro cha Adreno 642L. Vikubwa vinne maana yake ukiwa kwenye mchezo huku kitu kinapakuliwa, kazi hazinyang'anyani kiti. Ya pili ni Dimensity 1080 ya MediaTek, yenye A78 mbili za gigahezi 2.6. Kwa kazi ya foleni moja inaweza hata kuipita 778G, lakini vikubwa ni viwili tu. Chipu hiyohiyo utaikuta pia kwa jina la Dimensity 7050, kwa hiyo usilipie namba kana kwamba ni kitu kipya. Ya tatu ni G99, nzuri kwa mtu asiyehitaji 5G, maana modemu yake inaishia 4G.

Za chini? Kama hela hairuhusu, angalau Helio G85, yenye A75 mbili. G37 na wenzake wa vidogo vitupu, hapana.

Halafu hii ya "RAM 4+4"! Muuzaji anakuandikia 8 kwa herufi kubwa, wakati zile 4 za pili ni sehemu ya hifadhi iliyoazimwa. Kwenye chipu kama G37 hifadhi ni eMMC, ya polepole kuliko UFS ya kwenye G99, na polepole mno kuliko RAM ya kweli. Nilipomrudia yule muuzaji wangu kumuuliza, alinijibu kwamba wateja wote wanauliza namba, hakuna anayeuliza jina la kiini. Nikamwambia anifungulie CPU-Z kwenye simu ya maonyesho. Akasema betri yake imeisha.